TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE: MAJIKO YA MKAA NDANI NA NJIA ZA KUTOKEA

Sinza, Dar es Salaam
10 Machi 2025

Ndugu wapangaji,

Habari za shughuli. Usiku wa Alhamisi iliyopita mvua ilipokuwa kubwa, kuna chumba kimoja cha juu jiko la mkaa liliingizwa ndani na mlango ukafungwa. Alfajiri mtoto aliamka anatapika, kichwa kinamuuma, na mama yake miguu haina nguvu. Walitolewa nje wakapata hewa, kisha wakapelekwa hospitali, na sasa wote ni wazima, Mungu ashukuriwe. Sitaji chumba, wenyewe nimeshaongea nao. Lakini masika ndiyo kwanza yanaanza, na si chumba hicho peke yake.

Kuanzia leo, jiko la mkaa haliwashwi wala haliingizwi ndani ya chumba, kwenye korido, kwenye ngazi wala kwenye baraza la juu. Ni marufuku kwa kupikia, kupasha maji, kuchoma ubani, hata kwa kuota moto. Mkaa unapowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata moshi ukiwa umeisha na makaa yamekuwa mekundu tu. Aliye macho huumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi, kwa hiyo naomba nisiletewe hoja hiyo.

Najua gesi ni ghali na maharage yanataka saa nzima motoni. Ndiyo maana sijakataza mkaa, nimekataza mkaa ndani. Banda la uani limeezekwa upya, mabati yamefika hadi ukutani na taa ipo, kwa hiyo mvua si sababu tena. Pikeni pale kwa zamu, mwenye mtoto mdogo apishwe kwanza. Ukimaliza, jiko libaki bandani mpaka lipoe kabisa. Majivu yamwagiwe maji, kisha yawekwe kwenye debe la bati lililopo pale. Mwezi wa kwanza kuna mtu aliyatia kwenye ndoo ya plastiki ya taka na ndoo ikayeyuka hadi chini. Ingekuwa karibu na mlango wa stoo, leo tungekuwa na habari nyingine.

Wenye mitungi ya gesi mnaruhusiwa kupikia ndani, ila mtungi usimame karibu na dirisha, na usiku ufungwe kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Mpira ukiutilia shaka, upake povu la sabuni: likitoa mapovu, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu fungua mlango na dirisha, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa.

La pili ni njia. Madirisha yetu yote yana nondo. Maana yake moto ukitokea hakuna wa kurukia dirishani, ni mlango na korido tu. Sasa nendeni mkaitazame korido ya chini: pikipiki mbili, friji bovu, kochi, madumu ya maji. Mchana mtu anapita ubavu ubavu. Usiku, umeme umekatika na moshi umejaa, hapiti mtu. Pikipiki zina petroli, zilale uani chini ya mwembe, nami nitaweka pete ya chuma ya kufungia minyororo. Vitu vingine viondolewe hadi Jumapili tarehe 16 jioni. Jumatatu nitakuja na vijana, kitakachobaki koridoni au kwenye ngazi kitapelekwa stoo, na gharama ya kubeba ni ya mwenyewe.

Geti la nyuma lisipigwe kufuli usiku. Nimeweka komeo la kufungua kwa mkono kutoka ndani, na kwa wezi linatosha. Gari la mgeni lisiachwe kwenye uchochoro, maana gari la zimamoto halitapita.

Moto ukizuka, piga kelele, toa watoto, gonga milango ya jirani, zima swichi kuu iliyo kando ya mita za LUKU kama unaifikia, kisha piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Simu hiyo ni bure. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria, usimwage maji. Funika kwa mfuniko na uzime jiko. Mtungi wa kuzimia moto upo chini ya ngazi. Si wa kuegeshea mafagio.

Atakayekutwa na jiko la mkaa ndani nitamwonya kwa maandishi mara moja. Akirudia, tutaongea habari ya mkataba mbele ya mjumbe.

Mwenye swali anipigie au anione Jumamosi nikija kusoma mita ya maji.

Mwenye nyumba,
Baba Salma

Nakala: Mjumbe wa shina