Bibi Yuko Laivu

Kibokoni, saa kumi alasiri. Toronto ni saa tatu asubuhi, na Bibi amewaamsha jamaa wote kwa sauti ya ujumbe: "Leo naingia laivu, asikose mtu."

Nikaegemeza simu kwenye birika la kahawa. Bibi akaiangalia, kisha akaitia sikioni.

"Bibi, itizame usoni!"

"Nimtizame nani? Hapa nipo mimi tu."

Mioyo myekundu ikaanza kupanda pembeni. Akaipangusa kwa kidole, akidhani ni vumbi. Ami wa Maskati akaandika, "Shikamoo Mama." Nikamsomea.

"Marahaba mwanangu. Mbona huongei? Una homa?"

Akainua pindo la leso yake wasome jina: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akashtuka. "Nimeuziwa leso iliyochapwa kinyumenyume!" Nikamweleza kuwa simu humwonyesha yeye tu hivyo, kama kioo, wao wanasoma sawa. Hakuniamini. Mwenye duka atakiona kesho.

Mara mlangoni: "Samakiii!" Bibi akainuka. Watu 23 tukabaki tunaangalia kiti kitupu, huku tukimsikia akipatana bei ya changu na kumwambia muuzaji jicho la samaki huyu limelala tangu juzi.

Aliporudi, mikono yanuka shombo, alisogea karibu mpaka ikaonekana pua pekee.

"Mpo bado? Haya, yule wa Toronto, niambie. Huko changu wapata?"

Yule wa Toronto aliandika neno moja: "Sipati."

Bibi akanyamaza kidogo. Akamnyanyua samaki, akamleta mbele ya kamera.