Mwongozo kwa wanafunzi wa darasa la sita wanaosomesha wadogo wa darasa la pili

Mdogo wako akikwama kwenye neno, nyamaza kwanza. Hesabu kimoyomoyo hadi 5. Mdomo utakuwasha, lakini mara nyingi ndani ya kimya hicho hulipata mwenyewe.

Bado amekwama? Funika neno kwa kidole, ulifunue silabi moja moja: a-na-m-ngo-ja. Kuunganisha ni kazi yake. Herufi ng na ng' huwatatiza wengi (hata wakubwa), basi mwambie atamke "ngoma" na "ng'ombe" asikie tofauti.

Akisoma "kaka ametaga yai" palipoandikwa "kuku", usimkatize. Afike kwenye nukta, kisha muulize: "Hiyo inaleta maana?" Akicheka na kurudi nyuma, umemaliza. Asiporudi: "Silabi ya kwanza ina irabu gani?" Msifu kwa alichofanya: "Umerudi ukaangalia herufi." "Hongera" tupu haimfundishi kitu.

Jina geni la mtu au mahali msomee tu, msonge mbele.

Kitabu akishike yeye. Mwisho wa ukurasa akifunge, akusimulie. Akichoka kabla ya dakika 20 za kipindi chenu kwisha, soma wewe, naye afuatilie kwa kidole.