Orodha ya Kila Wiki: Bakapu ya Kazi za Wanafunzi, Maabara ya Kompyuta

Karatasi hii hukaa nyuma ya mlango wa kabati la maabara. Anayeshika maabara wiki hiyo aifuate, hata kama ni mwalimu wa Jiografia aliyeombwa kukaimu.

Diski ya nje tunayo moja tu, ya 1 TB. Windows inaionyesha kama 931 GB na hakuna aliyeiba kitu: ni tofauti ya namna ya kuhesabu. Kazi zenyewe hukaa kwenye kompyuta K01 hadi K18, katika folda `D:\KAZI`. Kwa hiyo usifute kazi kwenye kompyuta kwa sababu tu umeshaihamishia kwenye diski. Ukifuta, diski haiwi tena bakapu. Inakuwa kopi pekee, na siku ikidondoka kwenye sakafu ya saruji hatuna pa kwenda.

ALHAMISI, kipindi cha mwisho

☐ Watangazie wanafunzi: kila mmoja ahifadhi kazi ndani ya folda ya mkondo wake, mfano `D:\KAZI\F3B`. Kazi iliyoachwa kwenye Desktop haibebwi. Wakumbushe tena, kidato cha kwanza hawajazoea.

☐ Pitia kompyuta chache uone kama kuna muziki na filamu. Bongo Fleva ifutwe, mwenye nayo akiwa amesimama hapo. Video ya projekti iachwe.

☐ Flashi za wanafunzi zikaguliwe kwenye K01 peke yake. Ukikuta folda zimegeuka kuwa na mshale mdogo pembeni, usibofye. Ni virusi: vimeficha folda halisi na kuweka njia ya mkato badala yake. Kagua kwanza kwa Windows Security, kisha rudisha folda zilizofichwa (hapa flashi ni F):

```
attrib -h -s -r F:\*.* /S /D
```

IJUMAA, saa 8:45 mchana, vipindi vikiisha

☐ Wanafunzi wafunge programu zote, lakini kompyuta zibaki zimewaka. Faili lililo wazi kwenye Word au Access linaweza kugoma kunakiliwa.

☐ Futa vumbi mezani kabla ya kuitoa diski kwenye kasha. Kiangazi chetu, hasa upepo wa Julai hadi Oktoba, hupeleka vumbi kila tundu. Iweke bapa, mbali na dirisha lenye jua na mbali na njia ya watu. Ikishaanza kuzunguka haisogezwi.

☐ Hakikisha kompyuta ya mwalimu na swichi ya mtandao vimechomekwa kwenye UPS. Chomeka diski kwenye tundu la bluu nyuma ya kompyuta, si kwenye yale ya mbele yaliyolegea.

☐ Hakikisha diski imesoma kama `E:`. Ikisoma kwa herufi nyingine, badilisha herufi hiyo kwenye amri kabla ya kuendelea.

☐ Nakili. Mfano huu ni wa K07, Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2026. Badilisha tarehe na namba ya kompyuta:

```
robocopy \\K07\KAZI E:\BAKAPU\2026-03-13\K07 /E /R:2 /W:5 /XF *.lnk *.exe *.vbs ~$* /LOG+:E:\BAKAPU\2026-03-13.txt /TEE
```

Kila Ijumaa ina folda yake yenye tarehe. Usiandike `/MIR`, hata fundi akikwambia ni safi zaidi. `/MIR` hufuta kwenye diski kila kisichokuwepo kwenye kompyuta, kwa hiyo mwanafunzi akifuta insha yake Jumatano, Ijumaa utamsaidia kuifuta na kwenye bakapu.

Swichi yetu ni ya megabiti 100 kwa sekunde, yaani kama MB 11 kwa sekunde mambo yakienda vizuri. Kazi za wiki zikifika GB 20, hesabu nusu saa na ushee. Sahihisha madaftari. Usiondoke.

☐ Umeme ukikatika na UPS ikaanza kulia, usisubiri uone kama utarudi. Bonyeza Ctrl+C, toa diski kwa utaratibu, zima. Umeme ukirudi, rudia amri ileile. Robocopy itaruka yaliyokwisha kufika salama.

☐ Soma ripoti. Kwenye mstari wa `Files`, safu ya `FAILED` iwe 0. Ikikataa:

`ERROR 53`: kompyuta imezimwa au waya wa mtandao umechomoka. Mara nyingi ni mguu wa mtu chini ya meza.
`ERROR 32`: faili bado liko wazi mahali fulani.
`ERROR 5`: huna ruhusa; angalia umeingia kwa akaunti ya mwalimu.
`ERROR 112`: diski imejaa.

☐ Linganisha `Total` ya `Files` na ya wiki iliyopita. Hapa ndipo wengi tunapopita haraka, maana `FAILED` ni 0 na saa tisa na nusu inakaribia. Lakini kama K11 ilikuwa na mafaili 212 na leo ina 9, robocopy imefanya kazi yake vizuri kabisa: imenakili yale 9 iliyoyakuta. Yaliyobaki yamehamishwa au yamefutwa. Uliza leo, wanafunzi wakiwa bado wanakumbuka nani alikaa pale.

☐ Fungua mafaili matatu kutoka kwenye diski, si kutoka kwenye kompyuta: moja la kidato cha kwanza, moja la kidato cha nne, moja la mkondo wowote. Sogeza hadi ukurasa wa mwisho. Kuona jina la faili kwenye folda si kuona kazi.

☐ Nafasi ikishuka chini ya GB 100, futa folda ya wiki ya zamani kuliko zote, ila tu baada ya kufungua yale mafaili matatu ya leo. Folda za wiki ya mwisho ya kila muhula haziguswi.

☐ Funga madirisha yote, bofya Safely Remove Hardware, subiri taa itulie, ndipo uchomoe.

☐ Andika kwenye daftari la bakapu. Mfano: "13/3/2026. K01–K18 zote. FAILED 0. K11 mafaili yamepungua, nimemuuliza kiranja wa F2A. Imebaki GB 604."

☐ Diski iende kwenye kabati la chuma ofisini kwa makamu mkuu wa shule, asaini kuipokea. Isilale maabara: mwizi au moto ukiingia humu, utachukua kompyuta na bakapu kwa pamoja. Isiende nyumbani, na isiende steshenari kuchapisha mtihani. Ina majina, picha na alama za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu sisi pia. Mwalimu mwenzako akiiomba abebee filamu, mpe flashi.

DISKI IKIANZA KULETA SHIDA

Ikitoa mlio wa tik-tik, ikichelewa kuonekana, au Windows ikiandika `You need to format the disk in drive E: before you can use it`, bofya Cancel. Usifomati, usijaribu mara ya tatu na ya nne. Chomoa, andika daftarini, mwambie Mkuu siku hiyohiyo kwamba inahitajika diski mpya. Kazi za sasa bado ziko kwenye kompyuta. Mpaka diski mpya ifike, hakuna kompyuta ya kufomatiwa wala kuwekewa Windows upya, fundi awe amekwisha kufika au la.

WIKI YA KUFUNGA SHULE

Bakapu ifanyike Jumatano badala ya Ijumaa, kwani Ijumaa wengi watakuwa wameshapanda basi. Kazi za kidato cha nne zinakiliwe kwanza.