Saba ya Uru

Mzee alikuja saa tisa alasiri, wakati ambao Mbuyuni hupumua. Vijana wa mizigo wameshashusha magunia, Kibo imejifunika mawingu tangu saa nne, na wateja wa jioni bado wako makazini. Nilikuwa napepeta maharage ya njano. Akachota kiganja, akayatawanya kwa kidole gumba, akatoa punje moja iliyotobolewa na kuniwekea mezani bila neno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ni wewe mama anayesoma karata?"

Nikatazama kulia na kushoto. Wengi sokoni wanajua, ila sipendi litamkwe kwa sauti, maana kwaya yetu ina watu wanaonunua dagaa meza ya tatu kutoka kwangu. Karata zangu hukaa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya gunia la choroko. Nilifundishwa na Bi Mwanaidi, mama wa Tanga aliyekuwa akiuza nazi hapa ubavuni kwangu, Mungu amrehemu. Kopa ni mapenzi, uru ni mali, pau ni kazi na safari, shupaza ni machungu. Alinifundisha pia kutazama viatu vya mtu kabla ya uso wake. Hilo la pili ndilo lililonisaidia zaidi. Binti akija na pete aliyoihamishia mkono wa kulia, au kijana mwenye bahasha ya kaki kwapani, nusu ya kazi wameshaifanya wao. Nusu nyingine wanaimalizia kwa macho nikianza kusema. Lakini sikuwahi kuwadanganya kwa makusudi. Nilikuwa naamini, na bado naamini, kwamba mtu akikaa kimya mbele ya karata tatu kuna jambo hutoka.

"Mimi siamini mambo haya," mzee akasema, huku akivuta kigoda. "Mke wangu alikuja kwako mwezi uliopita, amerudi nyumbani halali. Nataka nione mwenyewe unachofanya."

"Elfu mbili."

Akaiweka mezani. Noti imekunjwa mara mbili, kingo zimelingana. Viatu vyake vya kamba, vya zamani, vimepigwa rangi asubuhi hiyo hiyo. Kalamu mbili mfukoni. Zaidi ya hapo sikupata kitu. Nilimpa karata akazichanga taratibu, akazikata kwa mkono wa kushoto kama nilivyomwelekeza, na uso wake ukabaki kama ukuta wa benki.

"Karata 52," akasema. "Bibi wako wanne. Ukitoa tatu, kwa kila watu watano karibu mmoja atatokewa na bibi. Kisha unamwambia kuna mwanamke. Nani hana mwanamke maishani?"

"Zigeuze, mzee."

Akageuza. Bibi wa shupaza. Saba ya uru. Mbili ya pau.

Kwa kawaida hapo ndipo ninapotupa neno dogo na kusubiri. Ninasema "kuna mtu" na kutazama bega linavyoshtuka. Nikalitupa. Bega halikushtuka. Nikasema "kuna safari", akapepesa jicho kwa sababu ya vumbi tu. Nikaona kwamba huyu hatanipa kitu, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza katika miaka yote kubaki na karata peke yake. Nikaacha kumtazama. Nikaitazama meza, nikasema yaliyokuja.

"Kuna mwanamke mwenye kinyongo. Mjane. Anasema amepunguziwa kitu chake, na mtu aliyempunguzia anatembea anasema kapunguziwa yeye. Mwaka wa saba huu hawasemezani. Ni mambo ya mpaka, huko juu Uru. Hatua tano tu, lakini... "

Nikanyamaza. Sikujua kwa nini koo limekauka.

Mzee alikuwa ametoa kalamu. Hakuandika, aliishika tu.

"Rudia ulivyosema."

"Nimesema kuna mwanamke mwenye kinyongo."

"Hapana. Mama, mimi nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka 31. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu kama walivyoyatoa. Bibi nimemwona. Saba nimeiona. Uru nimeiona, ni hii nyekundu. Ila 'huko juu' haimo kwenye karata. Uru ya karata haina juu wala chini. Na mjane yuko wapi hapa? Hatua tano ziko wapi?" Akagusa kila karata kwa ncha ya kalamu, polepole, bila ukali. "Mimi ni Mpare wa Usangi. Huko Uru sina hata mgomba mmoja. Sijagombana na mjane yeyote. Haya si yangu."

Mama Joyce wa meza ya vitunguu aliita bei yake, na mtu akamjibu, na mimi nikasikia kana kwamba wako ng'ambo ya reli.

"Mashahidi wanafanya hivi," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Unamuuliza mtu habari za jirani, anakupa habari zake. Hakimu asipokuwa makini zinapita. Mimi nilikuwa naziandika tu. Haikuwa kazi yangu kuuliza, na kwako pia siulizi."

Nikamrudishia elfu mbili. Akaisukuma kwangu.

"Hiyo ni yako. Nipimie kisado cha njano, usinichanganyie ya chini."

Nikampimia, nikamwongezea viganja viwili, mikono inatetemeka hadi mengine yakamwagika kwenye vumbi. Akanisaidia kuyaokota, mzee mzima na viatu vyake vilivyong'aa. Kisha akaaga akaenda.

Nilifunga meza saa kumi. Mama Joyce aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo, na haukuwa uongo.

Daladala ya Uru ilijaa wanafunzi. Njia nzima nilikuwa nahesabu niliowasimulia: kina mama wa jumuiya, kaka zangu wa Dar wanaokuja Desemba, mwanangu Upendo, hata Bi Mwanaidi. Wote niliwaambia mke wa marehemu kaka yangu amesogeza mpaka wa kihamba cha baba. Nilisimulia mpaka nikaona kwa macho yangu yeye akifanya. Nililia nikisimulia, na machozi yale yalikuwa ya kweli.

Nilishuka nikapanda kilima kwa miguu. Vuli ilikuwa imeanza, udongo unateleza, maji ya mfereji yanasikika kabla hujayaona. Nikapita kwenye migomba hadi mpakani. Masale yamekua, yamenipita kimo. Mtu mgeni angedhani yamesimama pale tangu enzi za babu.

Kwetu ukimkosea mtu unamwendea na isale. Unalifunga fundo, unampa mkononi, na hata awe na hasira ya namna gani anakusikiliza. Jani lolote la isale linafaa. Lakini mkono wangu haukuchagua lolote. Ulikwenda kwenye mstari huu wa mbele, masale niliyoyang'oa na kuyapanda upya mimi, usiku, wiki ya pili baada ya kaka kuzikwa, hatua tano ndani ya shamba la mke wake.

Nikavunja moja. Nikalifunga.

Jikoni kwake kulikuwa na moshi na harufu ya kiburu. Mbwa akabweka, mlango ukafunguka kidogo.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, wifi."