TANGAZO: MKUTANO WA WAKAZI SASA NI SAA NANE MCHANA, SIYO SAA KUMI JIONI

Siku: Jumamosi, tarehe 18 Julai 2026 (siku haijabadilika)
Saa: NANE KAMILI MCHANA. Kwenye simu itasomeka 14:00 au 2:00 PM
Mahali: ukumbi wa shule ya msingi, palepale pa siku zote

Ndugu wakazi,

Tangazo hili linafuta lile la Jumatatu lililosema mkutano "umesogezwa mbele kwa saa mbili". Wapo waliolisoma wakajipanga kuja mapema, na wapo waliojipanga kuja saa kumi na mbili jioni. Kwa maneno yale, wote walikuwa sahihi. Basi habari ya kusogeza tuiache. Shikeni saa yenyewe: nane mchana, jua likiwa bado kali.

Wanaotegemea kengele ya simu wawe waangalifu hapa. Ukitaka simu ikukumbushe, weka 13:00 ili upate saa nzima ya kujiandaa na kutembea. Ukiandika 8:00 AM itakuamsha asubuhi, na ukiandika 8:00 PM italia sisi tukiwa tumeshalala. Walio na ndugu wanaosoma saa kwa mtindo wa simu tu, hasa vijana, wawaambie "saa nane mchana, yaani 14:00", vyote viwili kwa pamoja.

Sababu ya mabadiliko ni taa. Umeme wa ukumbi haujarudishwa, na mkutano uliopita mnakumbuka ulivyoishia: mikono imenyooshwa gizani, mhesabuji anapata idadi moja mbele na nyingine nyuma, kura ikaahirishwa. Tukianza saa nane tutamaliza saa kumi na moja, mwanga ungalipo, na wazee watarudi nyumbani wakiiona njia.

Kura hiyo iliyoahirishwa, ya mchango wa kuzibua mifereji ya maji ya mvua, ndiyo ajenda ya kwanza. Itapigwa saa nane na nusu. Baada yake itasomwa taarifa ya mapato na matumizi, kisha zamu za ulinzi wa usiku, halafu mengineyo. Atakayekuja kwa saa ya zamani, yaani saa kumi jioni, atakuta kiwango cha mchango kimeshapitishwa, na hatutarudia kura kwa ajili ya waliochelewa. Tunalisema hili mapema ili lisije kuwa ugomvi mlangoni.

Daftari la mahudhurio litafunguliwa saa saba na nusu mchana. Akidi ni nusu ya kaya zote, na kila kaya ina kura moja. Kama wewe upo kazini saa hiyo, mtume mtu mzima wa nyumbani kwako, naye aje na barua fupi yenye saini yako. Kwa walio zamu ya mchana Jumamosi tunajua saa hii inawabana kuliko ile ya kwanza. Barua hiyo inatosha, hakuna haja ya kuomba ruhusa kwa kamati.

Kuleni mapema. Watoto wanaruhusiwa kuja, ila wakae upande wa madirishani ili anayetaka kutoka nao asikatize katikati ya mkutano.

Karatasi ya zamani ilikuwa ya manjano, hii mpya ni nyeupe. Tumezibandua za manjano zote tulizoziona. Ukikuta moja imebaki mahali, ukutani au kwenye nguzo, ichane hapohapo, usiandike juu yake kwa kalamu, maana mtu akipita haraka atasoma maandishi makubwa ya chini.

Wajumbe mnaopita nyumba kwa nyumba, msiishie kusema "saa imebadilika". Taja saa mpya, kisha muulize uliyemkuta: "Kwa hiyo utakuja saa ngapi?" Akijibu "saa nane mchana", nenda nyumba inayofuata. Akijibu vingine, anza upya kwa upole. Nyumba ambayo hukumkuta mtu mzima, usimwachie mtoto ujumbe. Rudi jioni. Kwa wasiosikia vizuri, waonyesheni karatasi na mguse kwa kidole palipoandikwa saa.

Kwa wanaotaka kutuma kwa simu, nakilini maneno haya kama yalivyo, msiyafupishe:

"Mkutano wa wakazi ni Jumamosi tarehe 18 Julai, SAA NANE MCHANA (14:00), ukumbi wa shule ya msingi. Siyo saa kumi tena. Kura ya mchango wa mifereji ni saa nane na nusu. Tangazo la Jumatatu limefutwa."

Ukiletewa ujumbe wenye saa nyingine yoyote, usiusambaze. Mwulize mjumbe wako kwanza.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Wakazi