Koti la Leipzig

Kijerumani changu ni cha kutembezea wageni. Nawaeleza habari za kobe wa Changuu, mlango upi wa Mji Mkongwe ni wa Kihindi na upi wa Kiarabu, na kwa nini karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Basi mama alipofungua sanduku la Bibi kutafuta hati ya shamba, akatoka na furushi la barua lililofungwa kwa bendeji, wote wakanigeukia mimi.

Bibi alikuwa kitini karibu na dirisha, anachambua mchele. Kijerumani anakijua kunishinda. Alipelekwa Leipzig mwaka 1965 kusomea uuguzi, wakati Ujerumani Mashariki ilipokuwa sahibu mkubwa wa Zanzibar, ikajenga maghorofa ya Kikwajuni na wataalamu wake wakachora ramani ya haya ya Michenzani tunamoishi.

"Nisomee basi, Bibi."

"Soma mwenyewe. Mimi nimeshazisoma."

Hakusema kweli yote. Chini ya furushi mlikuwa na bahasha ambazo hazijafunguliwa hata mara moja.

Nilianza na zile zilizofunguliwa. Zimeandikwa na Sista Hilde, msimamizi wa wodi aliyempangisha Bibi chumba. Niliyachungulia maneno kwa muda mrefu bila kuambua hata moja, mpaka mgeni mmoja mzee niliyekuwa namtembeza Darajani akaniambia huo ni mwandiko wa kale, uliofundishwa mashuleni kwao hadi 1941. Herufi *e* yake ukiitazama utaapa ni *n*. *u* huvikwa kijikofia ili isichanganywe na wenzake. Nikajitengenezea alfabeti kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya jiko, na kila usiku baada ya kazi nikawa napata mistari miwili mitatu. Siku nyingine mstari mmoja. Kitenzi chenyewe mara nyingi wanakiweka mwisho kabisa wa sentensi, kwa hiyo unaweza kuwajua watu wote waliomo na usijue wamefanyana nini.

Na nilichokipata, kusema kweli, kilinichosha. Mvua. Bei ya viazi. Goti la Sista Hilde. Na koti. Bibi aliporudi Unguja mapema 1968 aliliacha koti lake la baridi kule, la sufu, rangi ya kijani, na hakuna barua isiyolitaja.

"Bibi, huyu mwenzio alikuwa hana la kusema?"

Akacheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani. "Endelea."

Barua ya Juni 1968 ndiyo iliyonizindua. Sista Hilde anaandika: *Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, kulikuwa na vumbi kubwa pale uwanjani. Wengi tulisimama tukalitazama. Vumbi limeniingia machoni na mpaka leo halijatoka.* Mwanamke aliyejaza karatasi nzima kwa habari ya viazi, hapa anatumia mistari mitatu tu, kisha anarukia goti. Nikatafuta. Tarehe 30 Mei 1968, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, serikali ya kule ililipua kwa baruti kanisa la chuo kikuu cha Leipzig, lililozinduliwa mwaka 1240 na kuvuka vita vyote likiwa limesimama.

Nikamfuata Bibi jikoni. "Hili vumbi ni kanisa."

"Umefika," akasema. "Barua zilifunguliwa kwao, zikifika zikafunguliwa kwetu. Angeandikaje?"

"Na koti?"

Akanipa kikombe cha chai na kugeuza mandazi kwenye karai. Sikujibiwa.

Nikarudi nyuma, safari hii nikisoma kila koti kwa jicho jingine. *Koti lako limekubaliwa.* Sentensi hii nilikuwa nimeikata kwa kalamu nyekundu, nikidhani kitenzi nimekisoma vibaya. *Koti lako linakusubiri hadi Septemba.* Septemba ndipo mwaka wa masomo huanza. *Nimemwambia daktari mkuu kwamba hakuna anayeenewa na koti hili kama wewe, naye amekubali liendelee kutundikwa mwaka mmoja zaidi.* Halafu anauliza, barua baada ya barua, kama Bibi amepata "viatu". Viatu navyo nikavielewa: ruhusa ya kutoka nchini. Miaka ile hukuamka tu ukapanda ndege.

Bibi amezalisha nusu ya watoto wa mitaa hii, mimi nikiwemo. Kumbe alikuwa ametafutiwa nafasi ya kurudi kusomea udaktari.

Barua ya mwisho iliyofunguliwa ni ya Februari 1971. Ni fupi. *Mpenzi wangu, koti amepewa mwingine. Nililishika kadiri nilivyoweza.*

Mama yangu alizaliwa Aprili mwaka huo. Nilihesabu kwa vidole, kama watu wote.

Jioni ile nilimwekea Bibi zile bahasha ngumu mezani. "Hizi hukuzifungua."

"Nilikuwa na mimba, miguu imevimba, foleni ya mchele inaanza alfajiri. Kila ikija barua nasema nitaisoma kesho." Akazisogeza kwangu kwa nyuma ya mkono. "Nilidhani atanionea huruma. Sikuitaka huruma ya mtu."

"Nizifungue?"

"Si ndiyo kazi uliyojipa?"

Huruma haikuwamo. Ndani mlikuwa na viazi na goti, mgao wa kahawa iliyochanganywa na vitu visivyo kahawa mwaka 1977, na shukrani kwa karafuu za zamani ambazo bado alikuwa nazo kwenye kopo na akinusa kila Krismasi. Miaka minane mwanamke huyu aliandika bila kujibiwa, na hakulalamika hata kwa fumbo, nami kwa mafumbo yake nilikuwa nimeshakuwa fundi. Hakukuwa na "koti" tena. Lilikuwapo koti tu, la sufu, lenye dawa ya nondo mifukoni. Mwaka 1979 anaeleza kwamba amestaafu, amehamia chumba kidogo, na koti amempa binti wa dada yake, Renate, msichana wa miaka 19 aliyepata nyumba katika maghorofa mapya ya Grünau. Linamfika magotini. Amemwambia ni la nani. Anwani hii hapa, *kama siku moja utalitaka*.

Nilimsomea Bibi kwa Kiswahili, nikisitasita. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa kanga.

"Vifungo nilivishona mwenyewe," akasema. "Vile vyake vilikuwa vibaya."

Kisha: "Lete karatasi. Huyo Renate hajawa mzee wa kufa."

Nikaanza kuandika kwa Kijerumani changu cha kobe na karafuu: mimi ni mjukuu wa fulani, nakuandikia kutoka Zanzibar. Bibi akainama juu ya bega langu. Mwezi mzima hakunisaidia hata nukta, na sasa kidole chake kikatua kwenye sentensi ya pili.

"Hapana. Kitenzi mwisho." Akaisema sentensi nzima kwa Kijerumani, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayetoa amri wodini. Mama akatoka chumbani kuangalia ni nani aliyekuja.

Bahasha aliiandika mwenyewe. Alipofika kwenye jina la nchi akaandika DDR, Ujerumani Mashariki ile ile.

"Bibi, hiyo haipo tangu 1990."

"Najua. Redio ninayo." Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika mpya pembeni. "Stempu ya Ulaya siku hizi shilingi ngapi?"

Sikujua. Sijawahi kutuma barua.

"Basi kesho kaulize," akasema, "na ununue mbili. Asipojibu tutamwandikia tena."