3.4 Fasili tendaji za vigeu (zimeandikwa upya)

Fasili hizi zinachukua nafasi ya zile za rasimu ya kwanza ya utafiti huu kuhusu vyandarua na malaria kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 wilayani Busia, mashariki mwa Uganda. Katika majaribio ya dodoso, wadodosaji wawili waliingia nyumba moja iliyokuwa na chandarua kilichopigwa fundo juu ya kitanda cha mama, huku mtoto akilala mkekani. Mmoja aliandika "anatumia", mwingine "hatumii", na rasimu yetu, iliyosema "hulala ndani ya chandarua mara kwa mara", haikuweza kumkosoa yeyote kati yao. Kosa lilikuwa letu, si lao.

Matumizi ya chandarua (kigeu huru). Mtoto atapewa 1 iwapo, katika usiku uliotangulia siku ya mahojiano, alikuwa ndani ya chandarua wakati mlezi alipolala na pia alipoamka. Vinginevyo atapewa 0. Mlezi aliyelala nyumba nyingine hatahojiwa juu ya usiku huo. Swali litasomwa kama lilivyochapishwa: "Jana usiku ulipolala, mtoto alikuwa ndani ya chandarua? Ulipoamka, je?" Tafsiri ya Kisamia nayo itachapishwa, isiachiwe mdodosaji kuitunga mlangoni.

Hali ya chandarua. Maneno "kizima" na "kibovu" yameondolewa. Chandarua kitatundikwa nje mchana, na matundu ya pande zote pamoja na paa yatahesabiwa kwa makundi manne ya kipenyo: sm 0.5 hadi chini ya 2, 2 hadi chini ya 10, 10 hadi 25, na zaidi ya 25. Tutatumia rula badala ya dole gumba, ngumi na kichwa, kwa kuwa ngumi za watu hazilingani. Alama ya matundu, pHI, hukokotolewa hivi, n1 hadi n4 zikiwa idadi ya matundu katika makundi hayo manne kwa mfuatano huo:

```
pHI = 1×n1 + 23×n2 + 196×n3 + 576×n4
```

Alama 0–64 ni hali nzuri, 65–642 kimeharibika lakini kinafaa, na 643 au zaidi kimechanika mno.

Umri. Miezi kamili kutoka tarehe iliyo kwenye kadi ya kliniki. Asiye na kadi hataingizwa.

Maambukizi ya malaria (kigeu tegemezi). Rasimu ilitegemea kipimo cha haraka, lakini vipimo vinavyotafuta HRP2, protini ya vimelea inayobaki katika damu, huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na vimelea kwisha. Kwa hiyo maambukizi ni kuonekana kwa kimelea chochote cha Plasmodium kisicho cha hatua ya jinsia katika tone nene la damu lililotiwa rangi ya Giemsa. Slaidi itaitwa hasi baada ya kuchunguzwa nyuga 100 za hadubini bila kuonekana kimelea. Itasomwa na wataalamu wawili wasiojua jibu la swali la chandarua, na wakitofautiana kuhusu kuwepo kwa vimelea, usomaji wa mtaalamu wa tatu ndio utakaoandikwa.